Meseji niliyotuma saa nne usiku

Nasimamia jengo la fleti nane ambalo mimi na ndugu zangu tuliachiwa na mama. Kodi inajumuisha maji, ila kila fleti ina mita yake ndogo, na kila tarehe 1 asubuhi mimi hupita na daftari nikizisoma moja baada ya nyingine. Daftari hilo ndilo lililonianzishia mambo yote ninayoyasimulia hapa.

Fleti namba 5 ina vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo kimoja. Mkataba wake una majina matatu: mpangaji, mkewe na mtoto wao wa miaka 6. Kwa zaidi ya mwaka mzima walikuwa wakitumia uniti 9 au 10 kwa mwezi. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo kila mmoja wao alikuwa akitumia kama lita 100 kwa siku, matumizi ya kawaida kabisa kwa nyumba yenye bomba ndani. Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa ndizo zinazokidhi mahitaji ya msingi. Halafu mwezi mmoja mita ikasoma 16. Mwezi uliofuata 19. Wa tatu, 24.

Nilikuwa nimeshasikia maneno. Jirani wa ghorofa ya chini aliniambia tangu mwezi ule wa kwanza, wa uniti 16, kwamba huko juu wamejazana, wako saba au wanane, usiku kucha ni vishindo vya miguu. Sikumjibu kitu. Ila nilipoona 24 nikapiga hesabu: lita 24,000 kwa siku 30 ni lita 800 kwa siku, gawanya kwa 100, watu wanane. Jirani kasema wanane, mita inasema wanane. Nikajiona nina ushahidi wa kutosha. Jioni ya tarehe 3 nilikaa na jambo hilo mpaka likanichemka kichwani, na saa nne usiku nikaandika:

"Nimepata taarifa za uhakika kwamba unaishi na watu wanane katika nyumba niliyokupangisha wewe na familia yako. Huo ni uvunjaji wa mkataba. Watu wote wa ziada watoke ndani ya siku tatu, la sivyo nitakata maji na wewe mwenyewe utahama."

Nikatuma, nikalala.

Asubuhi niliona meseji imesomwa na hakuna jibu. Siku ya pili hakuna jibu. Siku ya tatu nikaanza kuona mabadiliko, na ndiyo ninayoyakumbuka kuliko yote. Watoto waliokuwa wakishuka uani jioni hawakushuka tena. Mapazia ya fleti namba 5 yakawa yamefungwa mchana kutwa. Askari wa getini akaniambia kuna mwanamke sasa anatoka kabla hakujapambazuka na kurudi giza likishaingia. Nilikuwa nimetaka kujua ni akina nani wanaishi ndani ya jengo langu, na kwa meseji ya mistari minne nilikuwa nimewafundisha kujificha.

Hilo si suala la heshima peke yake. Msimamizi wa jengo anahitaji kujua nani analala wapi. Usiku wa moto, mtu wa kwanza kuulizwa "ndani kuna wangapi?" ni yeye. Mfumo wa maji taka nao umejengwa kwa idadi fulani ya watu, na ukizidiwa, anayeumia ni wa chini. Fleti inapoishi watu wanaojificha, hata kitasa kikiharibika au waya ukinuka moshi hawatapiga simu, maana fundi akija atawaona.

Nilimwendea mwanasheria mmoja, mama ambaye amefanya kesi za upangaji kwa miaka mingi, nikamwonyesha meseji na mkataba. Nilitarajia aniambie jinsi ya kumtoa mpangaji. Badala yake aliniuliza maswali.

La kwanza lilikuwa hili: "Nani amewaona hao wanane?" Nikasema jirani. "Jirani yuko tayari kuandika jina lake?" Hapana. "Wewe umeona nini kwa macho yako?" Nikafikiri. Tarehe 28 ya mwezi uliopita, saa moja asubuhi, niliwaona watoto wawili waliovaa sare za shule wakitoka fleti namba 5, na hawakuwa watoto wa mpangaji. Basi. Hayo mengine yote nilikuwa nimeyahesabu kwa kalamu.

La pili: "Kodi ya miezi hii mitatu umepokea?" Nimepokea, na risiti nimetoa. Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, mwenye nyumba anayejua kwamba mkataba umevunjwa na bado akaendelea kupokea kodi bila kusema chochote, anaweza kuhesabiwa kwamba ameuridhia uvunjaji ule. Jirani aliniambia mwezi wa kwanza, mimi nikanyamaza, nikapokea kodi mara mbili zaidi. Dawa yake si kukataa kodi, maana ukiikataa unaweza kumpa mpangaji hoja dhidi yako. Alichonishauri ni kusema mapema, kwa maandishi, kwamba kupokea kodi si kukubali mabadiliko, ingawa si kila mahali maneno hayo yanatosha.

La tatu ndilo lililonimaliza. Alifungua mkataba, akaweka kidole kwenye kipengele cha 7, akanisomea kwa sauti maneno niliyoyaandika mwenyewe: "Mpangaji hataruhusu watu wasio wa familia yake kuishi katika nyumba hii." Akafunga faili. "Mwanao," akaniambia, "ukimwuliza dada wa baba yake ni nani, atakujibu si familia?"

Sikuwa na la kusema. Nilipoandika "familia" nilimaanisha mume, mke na watoto wao. Lakini kwa Kiswahili chetu familia ni dada, ni mpwa, ni binamu, ni mama mzazi aliyekuja kutibiwa. Mpangaji angesimama mbele ya baraza lolote akasema hajavunja kitu, kila anayelala kwake ni wa familia yake. Ni kweli mwisho wa mkataba kulikuwa na orodha ya majina matatu, ila hakuna mahali palipoandikwa kwamba orodha ile ndiyo kikomo. Na kanuni ya kale ya mikataba ni kwamba neno lenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeliandika. Aliyeandika ni mimi.

Kuhusu kukata maji alinikatiza kabla sijamaliza kujieleza. Sehemu nyingi, mwenye nyumba kukata maji au umeme ili kumbana mpangaji ni kosa, hata kama mpangaji ndiye aliyekosa. Kulitaja tu kwenye meseji ni kumwandikia mwenzako ushahidi.

Tukakaa tukaandika upya. Nauweka ujumbe wa pili hapa kama ulivyokuwa, kwa sababu kila sentensi iliwekwa kwa kazi yake:

"Habari za asubuhi kaka. Nakuandikia kuhusu idadi ya watu wanaoishi fleti namba 5. Kwanza, ujumbe niliokutumia tarehe 3 naufuta. Sitakata maji, wala sikuambii uhame. Orodha iliyo mwisho wa mkataba wetu ina majina matatu ya wakazi. Ninayoyajua ni mawili: mita yako ilisoma uniti 24 mwezi uliopita, na kawaida yako ni 9 au 10, na tarehe 28 asubuhi niliwaona mwenyewe watoto wawili wa shule wakitoka kwako ambao hawamo kwenye orodha. Mengine siyajui, ndiyo maana nauliza. Naomba uniandikie kufikia tarehe 20: ni nani wanaishi hapo sasa zaidi ya ninyi watatu, tangu lini, na wanatarajia kukaa mpaka lini. Mgeni anayelala siku chache na kurudi kwake usimhesabu. Ukishanijibu tutakaa tuzungumze. Inawezekana kuwaongeza kwa muda maalumu. Na isipowezekana, tutapanga tarehe ya wao kuhama yenye nafasi ya kutosha. Naomba pia nije na fundi, siku na saa utakayochagua wewe, tukague mita na choo, kwa sababu huenda kuna maji yanayovuja. Kodi utakayolipa wakati huu nitaipokea kama kawaida. Kuipokea hakumaanishi kwamba nimekubali mabadiliko ya wakazi."

Niliutuma tarehe 10 asubuhi, na siku hiyo hiyo nikampelekea nakala ya karatasi, maana mkataba ulisema notisi zote ziwe za maandishi na zikabidhiwe kwa mkono. Alisaini nakala yangu mlangoni bila kuniangalia.

Sentensi ya fundi aliisisitiza mwanasheria. Mimi niliiona ya ziada. Jibu lilikuja tarehe 12: "Nashukuru kaka. Njoo Jumamosi saa tatu, fundi aje. Hayo mengine nitakueleza ukiwa hapa."

Jumamosi ile tulianza na mita. Mita nyingi za maji zina kigurudumu kidogo kwenye uso wake, chenye meno kama nyota, ambacho huzunguka hata maji yakipita kidogo sana. Fundi aliomba bomba zote zifungwe na mtu yeyote asitumie maji. Tukachuchumaa mbele ya mita, mimi, yeye na mpangaji. Nyumba kimya. Kigurudumu kikawa kinazunguka taratibu, bila kusimama. Fundi akaingia chooni, akafunga kishikizo cha bomba linalojaza tangi la choo. Kigurudumu kikatulia.

Kisha akafungua tangi, akamimina ndani maji yenye rangi ya chakula, akatuambia tusivute kwa nusu saa. Tuliporudi, rangi ilikuwa imeshashuka na kuchora mstari mwembamba kwenye bakuli la choo. Mpira wa chini ya tangi ulikuwa umekakamaa na hauzibi tena. Maji yalikuwa yakipita usiku na mchana bila sauti yoyote. Alibadilisha mpira, kazi ya dakika kumi.

Nusu saa hiyo ya kusubiri rangi ndiyo tuliyoitumia kuzungumza. Mpangaji alinieleza sebuleni, mkewe akiwa ameketi kando yake. Dada yake alikuwa ameachana na mumewe na alikuja na watoto wawili, miezi mitatu na kitu iliyopita. Alikuwa anatafuta chumba karibu na kazi yake. Kulikuwa pia na mpwa wao, kijana wa chuo, aliyekuja mwisho wa wiki kufua na kulala usiku mmoja. "Nilitaka kukwambia," akasema, "kila siku nikasema kesho. Ulipoandika ile ya usiku nikaona basi, hata nikikwambia unatutoa tu." Dada mtu alikuwa chumbani na watoto. Sikuomba kumwona.

Hesabu sasa ikakaa sawa. Watatu wa mkataba na watatu walioongezeka ni sita. Sita kwa lita 100 kwa siku 30 ni uniti 18. Mwezi wa kwanza ulisoma 16 kwa sababu dada hakuwepo mwezi mzima; wa pili 19, pamoja na kufua kwa mpwa. Ule wa 24 ulikuwa na uniti tano hivi za choo kinachovuja, ambazo ni kama lita 170 kila siku. Yaani "watu wanane" wangu walikuwa watu sita na mpira mbovu. Ningeendelea kubishania wanane, ningebishana kuhusu watu wawili ambao hawajawahi kuwepo. Mwezi uliofuata, mpira ukiwa mpya, mita ilisoma 18.

Ila tatizo halikuwa la kufikirika. Sita katika fleti ya vyumba viwili si msongamano wa kutisha. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi huhesabu msongamano pale watu zaidi ya watatu wanapogawana chumba kimoja. Lakini usiku godoro la watoto lilikuwa likitandikwa kwenye korido inayotoka vyumbani kwenda mlango wa nje, na huo ndio mlango pekee. Mtu akitoka mbio gizani anawakanyaga, au mlango haufunguki. Hilo nililiweka mbele ya mambo yote, kabla ya maji, na nilimwambia halisubiri maandishi. Jioni ile godoro lilihamia sebuleni, upande wa pili wa meza.

Mengine tuliyaandika katika ukurasa mmoja wa nyongeza. Dada na wanawe waliongezwa kwa majina kama wakazi wenye ruhusa, mpaka tarehe iliyotajwa, miezi mitano mbele, ili watoto wamalize muhula. Si wapangaji. Tofauti hii ina uzito wake: mpangaji ana haki na nyumba na anadaiwa kodi, mkazi mwenye ruhusa anaishi kupitia mpangaji, na mpangaji akihama naye anahama. Ningemsainisha dada kama mpangaji mwenza kwa kudhani ninajilinda, ningekuwa nimempa haki kamili ya kubaki hata kaka yake akiondoka. Matumizi yanayozidi uniti 12 kwa mwezi tukakubaliana alipie mpangaji. Kodi sikuigusa, maana mkataba haukuniruhusu kuibadilisha katikati. Dada alihama wiki tatu kabla ya tarehe.

Naomba nisieleweke kwamba ujumbe wa namna hii unafaa kila mahali. Mwaka uliofuata nilikuwa na fleti nyingine, namba 2, ambako dalili zilifanana mwanzoni na zilikuwa jambo tofauti kabisa. Fundi aliyeingia kurekebisha soketi alinikuta chini akaniambia kila mlango wa chumba una kufuli lake kwa nje. Nilipobisha, kijana aliyefungua hakujua jina la mpangaji. Alimtaja kama "yule tunayempa hela". Mpangaji mwenyewe alikuwa haishi pale tena. Hapo hakuna ndugu aliyekwama. Ni mtu anapangisha nyumba ambayo si yake, anakusanya kodi kwa watu ambao hawana karatasi yoyote ya kuwalinda. Kosa hilo lina kipengele chake, cha kupangisha kwa mtu wa tatu bila idhini, na notisi yake ilipitia kwa mwanasheria tangu siku ya kwanza, bila neno la kuongeza majina. Hata hapo lakini sikuwaandikia wale vijana. Mkataba wangu ulikuwa na mtu mmoja, na yeye ndiye niliyemwandikia. Vijana walipewa muda wa kutafuta pengine.

Kipengele cha 7 nimekibadilisha katika mikataba yote mipya, na wa zamani nimewaomba wakisaini pale wanapouhuisha. Neno "familia" limetoka. Sasa kinasema wakazi ni wale waliotajwa kwa majina kwenye orodha. Kwamba mgeni ni mtu anayelala si zaidi ya usiku 14 mfululizo. Na kwamba anayezidi hapo aandikishwe, nami nitajibu ndani ya siku saba, na sitakataa bila kutoa sababu kwa maandishi. Mtoto anayezaliwa ndani ya upangaji haombewi ruhusa, anaongezwa jina tu. Hiyo 14 si namba takatifu, nimeichagua mimi kwa jengo langu. Ninachong'ang'ania ni kwamba namba iwepo, kwa sababu bila namba, "mgeni" na "mkazi" yanabaki kuwa maneno ya kila mtu anavyoyaona.

Wiki iliyopita mpangaji wa fleti namba 5, yule yule, aliniandikia mchana: "Kaka, mama anakuja kwa matibabu, wiki sita. Nakuandikia jina lake leo au akishafika?" Nilimjibu aniandikie siku ile ile, na nikamwuliza kama mama anapanda ngazi vizuri, maana taa ya ghorofa ya pili ilikuwa imeungua na fundi alikuwa anakuja kesho yake.